Wasifu wa mwanzilishi wa kampuni: Kila dai na shahidi wake

Mtu anayeanzisha kampuni mjini Kampala, Kigali au Bukavu mara nyingi hana hesabu zilizokaguliwa za miaka mingi, hana ofisi inayojulikana na watu, wala hana jina ambalo benki inalitambua. Alicho nacho ni ukurasa wenye picha yake, cheo chake na maelezo mafupi ya kazi anayoifanya, aghalabu katika mtandao wa LinkedIn ulioanza kutumika mwaka 2003. Ukurasa huo, uitwao wasifu, humtangulia kila aendako. Mwekezaji huusoma kabla ya kukubali kikao, mshirika huusoma kabla ya kujibu barua pepe, na mteja wa kwanza huusoma kabla ya kutoa malipo ya awali.

Wasifu wa namna hii haufanani na wasifu wa mtu anayetafuta ajira. Mwajiri huuliza iwapo mwombaji anaimudu kazi. Anayesoma wasifu wa mwanzilishi huuliza iwapo kampuni ipo kweli, na iwapo yaliyoandikwa yatasimama yakipelekwa kwa mtu mwingine kuthibitishwa. Kwa sababu hiyo, thamani ya kila sentensi katika wasifu hutegemea shahidi aliye nje ya wasifu huo: daftari la msajili wa kampuni, mkataba uliotiwa saini, risiti ya malipo, au mteja anayeweza kupigiwa simu.

Ukurasa mmoja, wasomaji watatu

Wasomaji watatu wa wasifu huja na hofu tatu tofauti. Mwekezaji anahofia kununua hisa katika kitu kisichokuwapo au kisicho mali ya mwanzilishi. Hutaka kujua kampuni ilisajiliwa lini, wakurugenzi wake ni nani, hisa ziko mikononi mwa nani, na kama kuna mwanzilishi mwenza aliyeondoka bila mambo kumalizwa.

Mshirika, kwa mfano chama cha ushirika au kampuni kubwa ya usambazaji, anahofia jina lake. Akionekana pamoja na kampuni changa, wateja wake watadhani ameidhamini. Yeye hutazama zaidi namna mwanzilishi anavyowataja wengine, kwa kuwa anajua kwamba kesho naye atatajwa vivyo hivyo.

Mteja wa kwanza ana hofu ya karibu zaidi. Hajali sana mgawanyo wa hisa. Anataka kujua kama mtambo ukiharibika Jumamosi jioni kutakuwa na mtu wa kuja kuutengeneza, na kama yupo mtu mwingine mwenye biashara kama yake ambaye tayari anaitumia huduma hiyo na kuilipia.

Wasifu unaojaribu kuwavutia wote watatu kwa maneno makubwa humpoteza kila mmoja wao, kwa sababu maneno hayo hayajibu swali la yeyote. Jambo hili huonekana vizuri zaidi kwa kufuata mfano mmoja hatua kwa hatua.

Mfano wa matangi ya maziwa

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke mwenye kampuni changa katika eneo la Mbarara, magharibi mwa Uganda, ambako ufugaji wa ng'ombe wa maziwa ni shughuli kubwa. Kampuni yake hukodisha matangi ya kupoza maziwa yanayotumia umeme wa jua. Shida anayoitatua ni ya wazi. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, na yasipopozwa mapema hadi karibu nyuzi 4 za Selsiasi, vijidudu huongezeka na maziwa huchacha. Maziwa ya jioni ndiyo yenye hatari zaidi, kwani lori la kuyachukua huja asubuhi.

Wasifu wake wa kwanza ulisomeka hivi: "Mwanzilishi na Mkurugenzi Mtendaji. Mwanamapinduzi wa sekta ya maziwa barani Afrika. Tangu 2020 tumewahudumia zaidi ya wafugaji 1,000 kwa kushirikiana na vyama vikubwa vya ushirika na benki ya kimataifa. Mhitimu wa uhandisi."

Hakuna sentensi hapo iliyobuniwa yote. Kila moja ina chembe ya ukweli iliyovutwa kupita kiasi, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu mwandishi mwenyewe huweza kuamini kwamba hakusema uongo. Msomaji mwenye kufuatilia atakuta mambo manne yasiyolingana: mwaka wa kuanza, washirika, idadi ya wateja na elimu. Kila moja lina njia yake ya kuthibitishwa.

Mwaka wa kuanza na daftari la msajili

Mwekezaji huanza kwa msajili wa kampuni, kwa kuwa huko hakuhitaji ruhusa ya mwanzilishi. Nchini Uganda huenda kwa Idara ya Huduma za Usajili, inayojulikana kwa kifupi URSB. Nchini Rwanda huenda kwa Bodi ya Maendeleo, RDB, na nchini Tanzania kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA. Nchini Kenya huomba hati iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutafuta namba ya kampuni katika daftari la biashara liitwalo RCCM.

Katika mfano wetu, daftari linaonyesha kwamba kampuni ilisajiliwa Agosti 2022, ilhali wasifu unasema 2020. Maelezo yake ni ya kawaida kabisa: mwaka 2020 mwanzilishi alikuwa akijaribu tangi moja la kuazima katika kituo kimoja, akiwa bado ameajiriwa kwingine. Hilo si kosa, na kwa kweli linamjengea heshima, kwa kuwa linaonyesha kwamba alijaribu kabla ya kuomba fedha za watu. Lakini msomaji anayekuta tofauti ya miaka miwili bila maelezo hajui kama mbele yake kuna bidii au udanganyifu. Dawa yake ni kuandika tarehe zote mbili, kila moja na jina lake: majaribio yalianza 2020, kampuni ilisajiliwa Agosti 2022.

Kuna tofauti nyingine ambayo waanzilishi wengi huipuuza. Jina la biashara lililosajiliwa na mtu mmoja si kampuni. Mwenye jina la biashara anaweza kuuza bidhaa na kutoa risiti, lakini hana hisa za kumuuzia mwekezaji. Anayejiita mkurugenzi mtendaji wa kampuni ilhali daftari linaonyesha jina la biashara tu huwa ameshindwa katika ukaguzi wa kwanza. Vilevile, kama kampuni inajulikana sokoni kwa jina fupi la kuvutia na katika daftari kwa jina jingine, wasifu unapaswa kuyataja yote mawili. La sivyo, mtu atakayelitafuta jina la sokoni kwa msajili atakosa jibu na kudhani kampuni haipo.

Washirika na nembo zao

Dai la pili, la kushirikiana na vyama vikubwa na benki ya kimataifa, ndilo lenye hatari kubwa zaidi kisheria, kwa sababu linaazima heshima ya mtu mwingine.

Mfano unaojulikana zaidi wa hatari hiyo ni wa kampuni ya Marekani ya Theranos, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Elizabeth Holmes kwa ahadi ya kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu. Katika kesi yake mwaka 2021, Holmes alikiri mahakamani kwamba yeye ndiye aliyeweka nembo ya kampuni ya dawa ya Pfizer kwenye ripoti zilizotayarishwa na Theranos yenyewe. Nembo hiyo ilimfanya msomaji aamini kwamba Pfizer ilikuwa imeikagua teknolojia na kuikubali, jambo ambalo halikuwa kweli. Januari 2022 alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji, na Novemba mwaka huo alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11.

Hatia hiyo ilitokana na mambo mengi, si nembo peke yake. Hata hivyo, inafundisha namna nembo inavyofanya kazi. Nembo haisemi neno, ila msomaji huijazia maana mwenyewe, na kwa kawaida huijazia maana kubwa kuliko ile iliyopo.

Katika mfano wa Mbarara, uhusiano uliofichwa ndani ya neno "kushirikiana" ulikuwa wa aina tatu. Chama kimoja cha ushirika kilikuwa kimetia saini mkataba wa kukodi matangi na kilikuwa kikilipa kila mwezi. Chama cha pili kilikuwa na hati ya makubaliano ya awali tu, yaani karatasi inayosema pande mbili zina nia ya kufanya kazi pamoja bila kumlazimisha yeyote kulipa. Benki nayo ilikuwa imeendesha mafunzo ya siku chache kwa wajasiriamali, na mwanzilishi alikuwa mmoja wa waliohudhuria.

Uhusiano wa kwanza unaweza kuandikwa kama mteja, na jina la chama likatajwa ikiwa kimeruhusu kwa maandishi. Wa pili unaweza kuandikwa kama mazungumzo yanayoendelea, au ukaachwa kabisa hadi mkataba upatikane. Wa tatu mahali pake ni kwenye orodha ya mafunzo, pamoja na mwaka wake. Benki si mshirika, na afisa wa benki hiyo akipigiwa simu na kuulizwa kuhusu kampuni hiyo, atasema hana habari nayo. Jibu moja la namna hiyo huangusha pia mambo ya kweli yaliyoandikwa jirani yake.

Idadi ya wateja

Dai la tatu ni la wafugaji 1,000. Hapa kuna maswali mawili, moja la hesabu na jingine la maana ya neno mteja.

Mwaka 2021 benki ya JPMorgan Chase ilinunua kwa dola milioni 175 kampuni changa iitwayo Frank, iliyowasaidia wanafunzi wa Marekani kuomba misaada ya masomo. Mwanzilishi wake, Charlie Javice, alikuwa amewahi kutajwa katika orodha ya jarida la Forbes ya vijana wenye mafanikio walio chini ya miaka 30. Benki iliambiwa kwamba Frank ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 4. Baada ya ununuzi, benki ilituma barua pepe za majaribio kwa sehemu ya majina iliyopewa, na sehemu kubwa ya barua hizo haikufika. Ilibainika kwamba wateja halisi hawakufika hata 300,000. Machi 2025 Javice alipatikana na hatia ya ulaghai, na baadaye mwaka huo alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 7.

Katika kisa hicho, kutajwa na jarida maarufu hakukuthibitisha idadi ya wateja, kwa kuwa anayetunga orodha ya sifa si mkaguzi wa hesabu. Idadi hiyo ilithibitishwa, au tuseme ilikanushwa, kwa kitendo rahisi cha kuwaandikia watu waliotajwa.

Mwanzilishi wa Mbarara hakubuni majina. Alichukua idadi ya wanachama wote wa vyama viwili vya ushirika na kuwahesabu kuwa watu aliowahudumia. Lakini wafugaji hao hawamlipi. Wanaomlipa ni vituo vya kukusanyia maziwa. Matangi yake yalikuwa katika vituo 7. Vituo 5 vilikuwa vikilipa kodi ya kila mwezi, na vituo 2 vilikuwa katika majaribio ya bure ya miezi 3. Wafugaji waliokuwa wakipeleka maziwa katika vituo hivyo 7, kwa mujibu wa madaftari ya vituo vyenyewe, walikuwa wapatao 640.

Kwa mtu asiyezoea, kutoka 1,000 hadi 5 huonekana kama kujishusha. Mwekezaji huliona kwa namna tofauti. Vituo 5 vinavyolipa ni idadi anayoweza kuizungukia kwa siku mbili. Ni idadi inayomwezesha kukadiria mapato ya mwezi na kuuliza itachukua muda gani kufika 20. Wafugaji 1,000 wasiolipa hawamwambii lolote kuhusu biashara. Kwa upande wa meneja wa kituo cha maziwa, ambaye ndiye mteja anayetafutwa, neno "kituo" humwambia kwamba huduma hii ni ya watu kama yeye.

Idadi ya wateja huhitaji vitu vitatu ili isimame: nani anahesabiwa, kama analipa au anajaribu, na hesabu ni ya mwezi gani. Bila tarehe, idadi iliyokuwa kweli mwaka jana huendelea kusomwa kama ya leo hata baada ya vituo viwili kurudisha matangi.

Matokeo ya huduma nayo huhitaji uangalifu wa namna hiyo. Tuseme kituo kimoja kilikuwa kikikataliwa lita 38 kati ya kila 1,000 kwa sababu ya kuchacha, na baada ya kupata tangi kikakataliwa lita 9. Ni matokeo mazuri. Lakini kama hesabu ya kwanza ilichukuliwa katika miezi ya joto na ya pili katika miezi ya baridi, sehemu ya nafuu hiyo imetokana na hali ya hewa. Mtu anayeijua biashara ya maziwa ataliona hilo mara moja. Ulinganisho wa haki ni wa miezi ileile ya miaka miwili, au wa kituo chenye tangi na kituo jirani kisicho nalo kwa wakati mmoja. Kama ulinganisho huo bado haujapatikana, ni heri kuandika idadi ya lita zinazopozwa kwa siku, ambayo inaweza kusomwa kwenye daftari la kituo.

Elimu na kazi za zamani

Dai la nne, la elimu, huonekana dogo, na ndiyo maana huwaangusha watu wakubwa. Januari 2012 Scott Thompson alishika uongozi wa kampuni ya Yahoo. Miezi minne baadaye aliondoka, baada ya mwekezaji mmoja katika kampuni hiyo kufichua kwamba maelezo rasmi yalimtaja kuwa na shahada ya uhasibu na sayansi ya kompyuta, ilhali alikuwa na ya uhasibu pekee. Wakati Thompson alipohitimu mwaka 1979, chuo chake kilikuwa hata hakijaanza kutoa shahada ya sayansi ya kompyuta.

Thompson hakuwa mwanzilishi wa kampuni changa, na uwezo wake wa kazi haukutegemea shahada hiyo. Kilichomwondoa ni kwamba dai hilo lingeweza kuthibitishwa kwa swali moja kwa chuo.

Mwanzilishi wa matangi ya maziwa alikuwa na stashahada ya uhandisi wa mitambo, na alisoma miaka miwili ya shahada kabla ya kuacha. Neno "mhitimu wa uhandisi" linaweza kutetewa, ila kila msomaji ataelewa shahada. Sentensi sahihi ni fupi na haimpunguzii kitu: stashahada ya uhandisi wa mitambo, pamoja na mwaka. Kwa mteja wa vituo vya maziwa, miaka mitatu aliyoifanya kazi ya kutengeneza mitambo ya kupoza ni ushahidi mkubwa kuliko shahada yoyote, na ndiyo iliyostahili kutangulia.

Wasifu ulioandikwa upya

Mstari wa juu wa wasifu katika LinkedIn, unaoonekana chini ya jina, hauruhusu zaidi ya herufi 220, na katika orodha ya majina kwenye simu hukatwa mapema zaidi. Maneno ya kwanza ndiyo yanayobeba kazi yote. Sehemu ya maelezo, iitwayo About, huruhusu herufi 2,600, lakini msomaji huonyeshwa mistari michache tu mpaka abofye kuona zaidi. Kwa hiyo jibu la mteja na la mwekezaji linapaswa kuwa katika sentensi mbili za mwanzo.

Baada ya marekebisho, mstari wa juu wa mfano wetu ukawa: "Tunakodisha matangi ya kupoza maziwa ya umeme wa jua kwa vituo vya kukusanyia maziwa, Mbarara. Mwanzilishi."

Maelezo nayo yakawa hivi: "Matangi yetu hupoza maziwa ya jioni ili yafike kiwandani asubuhi bila kuchacha. Kufikia mwezi huu yapo katika vituo 7: vituo 5 vinalipa kodi ya mwezi na vituo 2 vinafanya majaribio ya miezi 3. Fundi wetu hufika kituoni ndani ya saa 6, siku zote za wiki. Majaribio yalianza 2020 kwa tangi moja, na kampuni ilisajiliwa Uganda Agosti 2022. Kabla ya hapo nilitengeneza mitambo ya kupoza kwa miaka 3. Nina stashahada ya uhandisi wa mitambo. Meneja wa kituo anayetaka kuliona tangi likifanya kazi atapelekwa katika kituo kilicho karibu naye."

Neno "mwanamapinduzi" limetoweka, na halikuacha pengo. Sentensi ya fundi imeingia ingawa haikuwapo mwanzoni, kwa kuwa ndiyo inayojibu hofu ya mteja. Lakini sentensi hiyo pia ni ahadi. Kama fundi ni mmoja na vituo viko mbali, saa 6 hazitatimizwa, na meneja mmoja aliyesubiri siku mbili atawaambia wenzake. Ni afadhali kuandika saa 24 na kufika ndani ya saa 10.

Sifa zinazotoka kwa wengine

LinkedIn ina sehemu ambamo mtu humwandikia mwenzake neno la kumpendekeza. Msomaji mzoefu hatazami wingi wa mapendekezo hayo. Hutazama uhusiano wa mwandishi na mwanzilishi, tarehe, na kama mwanzilishi naye alimwandikia mtu huyohuyo sifa katika wiki ileile. Marafiki wawili wanaosifiana kwa zamu huonekana upesi, kwa sababu mapendekezo yaliyotolewa na yaliyopokewa yote huonekana katika wasifu yakiwa na tarehe zake.

Pendekezo lenye uzito hutoka kwa aliyelipa au aliyeajiri, na hutaja jambo mahususi. Meneja wa kituo akiandika kwamba tangi liliharibika mwezi wa pili na fundi akafika asubuhi iliyofuata, pendekezo hilo lina nguvu kuliko sifa kumi za "kiongozi mwenye maono". Mteja anayetajwa kwa jina au kwa picha anapaswa kuwa ameridhia kwanza. Nchini Uganda taarifa za watu hulindwa na sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data na faragha, na hata pasipo sheria, mteja aliyeshtuka kuikuta picha yake mtandaoni hatakuwa shahidi mwema.

Alama ya uthibitisho inayotolewa na mtandao nayo ina mpaka wake. Inaweza kuonyesha kwamba jina linalingana na kitambulisho, au kwamba mtu anatumia anwani ya barua pepe ya mahali pake pa kazi. Haithibitishi mapato, wateja wala mkataba wowote. Aliyejisajilia kampuni na anwani yake mwenyewe anaweza kuthibitishwa kuwa anafanya kazi katika kampuni yake hata kama haina mteja hata mmoja.

Pale wasifu unapokoma

Wasifu mzuri humpatia mwanzilishi kikao. Fedha hutolewa baada ya hatua nyingine. Mwekezaji makini huomba taarifa za benki, mikataba, hati za kodi na orodha ya wenye hisa, kisha huzilinganisha na yale aliyoyasoma. Katika mkataba wa uwekezaji mwanzilishi hutakiwa kutia saini kwamba maelezo aliyoyatoa ni ya kweli. Kuanzia hapo, kauli iliyoandikwa kwa haraka katika wasifu na kurudiwa katika nyaraka za kampuni inaweza kumfikisha mahakamani.

Makosa mengi katika hatua hii hutokana na kusahau. Wasifu unasema vituo 7, tovuti ya kampuni inasema 5, na waraka uliotumwa kwa mwekezaji miezi mitatu iliyopita unasema 9. Huenda kila idadi ilikuwa kweli siku yake, lakini msomaji mwenye kurasa zote tatu mbele yake hana njia ya kulijua hilo. Njia rahisi ya kuliepuka ni kuwa na karatasi moja yenye kila dai, tarehe yake, na mahali ushahidi wake ulipo, na kuipitia kila baada ya miezi mitatu. Dai lisilo na ushahidi huondolewa kila mahali kwa siku moja.

Kazi ngumu zaidi katika mapitio hayo ni kuondoa. Mwanzilishi mwenza akijiuzulu, jina lake hutolewa na mabadiliko hupelekwa kwa msajili. Mkataba na chama cha ushirika ukimalizika, nembo yake hushushwa siku hiyo hiyo, ingawa ndiyo iliyoupendeza ukurasa. Na vituo viwili vya majaribio vikirudisha matangi yao, vituo 7 huandikwa kuwa 5, pamoja na mwezi ambao hesabu hiyo ilifanyika.